Mlio wa Saa Kumi Alfajiri

Jengo lenyewe liko Kirumba, Mwanza, kwenye mteremko wa kushukia Mwaloni: maduka chini, ghorofa nne za wapangaji juu. Karibu kila alfajiri, saa kumi hivi, bomba la chuma linaloshuka ukuta wa nyuma lilikuwa linapiga. Du. Du-du. Kimya kidogo. Halafu du moja nzito, vyombo vinatikisika kabatini. Mama Kulwa wa ghorofa ya tatu, anayeuza dagaa, alikuwa ameizoea kama saa ya kumwamsha. Dada nesi wa juu yake hakuizoea kamwe. Akitoka zamu ya usiku hospitali ya Bugando anataka kulala, na mchana nao bomba lilikuwa linapiga watu wakifungua koki.

Mafundi walikuwa wameshapita. Mmoja alibadilisha boya la tangi, mwingine akaweka kwenye pampu ya chini non-riteni valvu mpya, ile inayozuia maji yasirudi nyuma. Wa tatu alifunga bomba kwa vipande vya tairi la baiskeli ili lisigonge ukuta. Kila mmoja alilipwa, na mlio ukabaki. Sisemi walikuwa wabaya. Vitu walivyovigusa ni vitu ambavyo kweli hupiga kelele majengo mengine.

Fundi Masanja aliitwa mwishoni, nami nilikuwa msaidizi wake wakati ule. Mzee mwenye nyumba alitupokea getini.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka. Fundi, mimi nimechoka. Wapangaji wawili wameshanipa notisi. Niambie tu ni pampu au si pampu."

"Sijui bado, mzee. Kwanza niambie saa. Linapiga saa ngapi, na siku gani halipigi?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilohusu. Lakini Mama Kulwa, aliyekuwa akianua nguo pale uani, akajibu yeye: "Jumapili halipigi sana. Na ile wiki maji yalipokuwa yakija mchana kutwa, hatukusikia kitu."

Fundi alimwomba arudie. Akamuuliza kama wiki ile tangi la juu lilikuwa linakaa limejaa. Mama akasema ndiyo, maji yalikuwa yanamwagika hata kwenye bomba la kufurikia. Basi Masanja akaacha pampu, akaacha tairi za baiskeli, akaanza kupanda ngazi. Naliheshimu jambo hilo mpaka leo: mlio ulikuwa unasikika chini, kila mtu alikuwa anautafuta chini, yeye akaufuata kwa saa zake na kwa kimo cha maji.

Juu ya slabu kulikuwa na tangi la plastiki la lita 5,000, limekaa moja kwa moja kwenye zege. Bomba la inchi mbili lilitoka chini ya tangi, karibu sentimita kumi juu ya slabu. Likapiga elbo likapanda mita nzima na kitu, likaruka juu ya ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa, likapiga elbo nyingine, ndipo likashuka nyuma ya jengo. Masanja alisimama pale akiliangalia hilo bomba muda mrefu. Kando, kwenye kona, kulikuwa na miguu minne ya chuma iliyokatwa, imeota kutu.

"Hapa palikuwa na stendi?"

"Palikuwa na stendi na tangi la bati," mzee akasema. "Stendi ilioza. Nilipoleta hili la plastiki tukaliweka chini, nikaona ni salama zaidi."

"Na bomba?"

"Bomba lilikuwa zima. Tukaliunganisha tu."

Stendi ilipokuwepo, sehemu ya kutolea maji ilikuwa juu kuliko ukuta ule, na bomba lilikuwa linateremka tangu linapotoka mpaka koki ya mwisho dukani. Tangi liliposhushwa, bomba likabaki kimo chake cha zamani. Pakazaliwa kilima kati ya tangi na bomba la kushukia, na hakuna aliyekiona kwa sababu maji yaliendelea kutoka.

Masanja alichukua mpira wa leva, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani ambao waashi wanapimia msingi. Ncha moja akaizamisha tangini na kuvuta maji, nyingine akaisimamisha pembeni mwa bomba pale lilipo juu kabisa. Tangi lilikuwa limebaki nusu. Maji ya mpirani yalisimama kiganja kizima chini ya mgongo wa bomba.

"Kijana, maji ya tangi yako chini kuliko bomba. Mbona dukani koki inatoa?"

Nikasema yanavutwa. Akasema ndiyo, yanavutwa na uzito wa maji yaliyomo kwenye bomba refu la kushuka, vilevile mtu anavyonyonya mafuta kwa mpira kutoka kwenye pipa. Ila pale mgongoni, maji yanapovutwa, shinikizo linashuka chini ya lile la hewa ya nje. Hewa iliyoyeyuka ndani ya maji inaanza kujitenga kwa vipovu. Uzi wa soketi ambao haujakazwa vizuri hautavuja tone hata moja pale. Badala yake utafyonza hewa. Yote inakusanyika mgongoni kwa sababu hapana pa kwenda.

Akashika spana, akaanza kugonga bomba polepole kwa mpini, kuanzia tangini. Sehemu ya kupanda ilitoa mlio wa kushiba, mfupi. Alipofika juu mlio ukabadilika, ukawa mwembamba na wa wazi, ukaendelea hivyo hadi upande wa pili, karibu pima moja kwenda chini. Baada ya hapo ukarudi kushiba. Akachora alama mbili kwa chaki.

Kisha akaniambia nilegeze yunioni ya mgongoni robo mzunguko tu, na mzee asogee aone. Mzee akarudi nyuma akidhani maji yataruka. Hayakuruka. Masanja akaweka kipande cha gazeti kilicholowa kwenye mwanya, na gazeti likanyonywa likang'ang'ania pale. Dada nesi, aliyekuwa amepanda kutuangalia na kanga yake mabegani, akasema kwa sauti, "Linavuta pumzi!"

Tulirudi usiku, kwa sababu Masanja hakutaka kulipwa kwa jambo ambalo hajalisikia kwa sikio lake. Mtaa ule maji yalikuwa yanakuja usiku wa manane. Yakijaza tangi la chini, pampu inawaka yenyewe na kupandisha. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali, mataa ya mitumbwi ya dagaa yametapakaa majini. Tangi la juu lilikuwa limeshuka sana. Pampu ikawaka. Masanja aliinama, ameweka ncha ya bisibisi kwenye bomba na mpini sikioni, mkono mmoja umeshika mpira wa leva.

Maji ya mpirani yakapanda. Yalipofikia mgongo wa bomba tu, tukasikia ndani maji yakimwagika upande wa pili, yanaanguka. Yakalikuta fungu la hewa, yakalibana, hewa ikayasukuma kurudi, yakaanguka tena. Du. Du-du. Kisha mtu mmoja chini akafungua koki, nadhani muuza chai wa duka la kona. Maji ya bomba la kushuka yakakimbia, sehemu ya hewa ikavutwa ikatoka kwa kukohoa, na maji ya nyuma yake yakakimbilia nafasi iliyoachwa yakagonga yale ya mbele. Du kubwa. Slabu yenyewe niliisikia kwenye nyayo.

"Umeona," akasema. "Pampu inaleta maji tu. Anayepiga ni hewa."

Watu hushangaa kwamba maji ya tangi la juu ya jengo dogo yanaweza kupiga namna ile. Mita kumi za kimo ni shinikizo la bar moja tu. Lakini maji yanayokimbia mita moja kwa sekunde yakisimamishwa ghafla ndani ya bomba la chuma, shinikizo linaweza kuruka kwa bar 13 hivi kwa kitambo kifupi kabisa. Ndiyo maana soketi ya ghorofa ya pili ilikuwa inavuja kila mwaka na kila mwaka inalaumiwa tepu ya kuzibia uzi.

Asubuhi mzee alikuwa ameshapata ushauri. "Nimeambiwa kibomba cha pumzi kinatosha. Toboa pale juu, simamisha nusu inchi, hewa itoke. Ni rahisi."

Masanja alimjibu kwa upole, lakini hakulegea. "Mzee, nikitoboa pale, tangi likishuka chini ya mgongo kibomba hakitatoa hewa, kitaingiza. Mvuto utakatika. Nusu ya chini ya tangi lako haitatoka tena, na wapangaji watakuambia maji yameisha wakati lita zaidi ya elfu mbili zimekaa humo. Kwanza tuondoe kilima. Kibomba kitafuata."

Mzee alikaa kwenye tofali akihesabu. Kuinua tangi kwenye stendi mpya kulikuwa na gharama ya chuma na ya kuchomelea. Kutoboa ukuta mfupi kulikuwa na gharama ya siku moja ya kazi, elbo mbili na saruji. Akachagua ukuta.

Tulitoboa chini kabisa, sentimita chache juu ya slabu, kwa patasi na nyundo, tukikwepa nondo. Bomba jipya lilitoka tangini kupitia geti valvu, likaenda likiteremka sentimita mbili kwa kila mita, likapenya ukutani na kuungana na la kushuka. Leva tuliipima kila hatua, kwa sababu tumbo dogo au mgongo mdogo ungeturudisha palepale. Mara baada ya geti valvu Masanja akaweka tii inayotazama juu na kusimamisha kibomba cha nusu inchi hadi kupita kifuniko cha tangi, mdomo umegeuzwa chini na kufungwa wavu wa mbu. Sasa kingefanya kazi yake: kutoa hewa tangi likijazwa baada ya kukauka, na kuingiza hewa geti valvu ikifungwa. Kwenye ukuta wa nyuma tukaondoa tairi za baiskeli na kuweka klampu za kweli.

Kujaribu, tulimwaga tangi makusudi mpaka likakoroma. Kisha pampu ikawashwa. Kwenye kibomba tulisikia hewa ikitoka, fyuuu ndefu, ikafuatiwa na maji yaliyopanda ndani yake na kutulia sawa na ya tangini. Nikatumwa kushuka nikifungua na kufunga koki za kila ghorofa. Ya Mama Kulwa ilikohoa mara mbili, ikatoa maji meupe kama maziwa, ikasafika. Hakuna kilichopiga.

Mzee alilipa, akauliza kama ile non-riteni valvu ya pampu aling'oe arudishie dukani.

"Iache, mzee. Ni nzima na ina kazi yake."

"Na lile tangi dogo la upande wa maduka?" mzee akauliza. "Nalo tulilishusha siku ileile."

Masanja akaokota mpira wa leva, akanipa ncha moja.