Barua ya kupinga makato ya kubashiri yaliyofanywa kwa kadi iliyohifadhiwa kwenye simu iliyoibwa

Zuhura Selemani Kidawa
Magomeni, Dar es Salaam
22 Septemba 2025

Meneja wa Tawi,
Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA MIAMALA 9 YA KUBASHIRI YA 12 SEPTEMBA 2025, JUMLA SH. 1,050,000, KWA KADI INAYOISHIA 7142

Nimepokea barua yenu ya 18 Septemba niliyokabidhiwa hapo tawini. Mmekataa ombi langu la kurudishiwa fedha kwa sababu moja tu, kwamba malipo "yalithibitishwa kwa namba iliyotumwa kwenye simu ya mteja". Siikubali sababu hiyo. Namba ilitumwa kwenye simu ambayo mwizi alikuwa ameishika mkononi. Tena, kwa miamala minne kati ya hiyo tisa, laini yangu ilikuwa imeshafungwa, na hakuna namba yoyote ambayo ingeweza kufika popote.

Naomba muisome barua hii pamoja na taarifa ya akaunti niliyoiambatanisha. Taarifa yenu inaandika saa kwa mfumo wa 24, kwa hiyo pale ninaposema saa 1:41 usiku, kwenu ni 19:41.

Ijumaa ya 12 Septemba nilifunga meza yangu ya vitenge Kariakoo baada ya magharibi. Saa 1:25 usiku nilikuwa nimesimama karibu na kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa, nasoma ujumbe wa mwanangu. Pikipiki yenye watu wawili ikapita pembeni yangu, yule wa nyuma akainyakua simu na wakatokomea. Simu haikuwa imejifunga, kwa sababu nilikuwa naitumia dakika ileile. Hakuhitaji kujua namba ya siri ya simu, na namba ya siri ya kadi sijawahi kumpa mtu yeyote, hata watoto wangu.

Kadi ilikuwa imehifadhiwa kwenye kivinjari cha simu, pamoja na zile tarakimu 3 za nyuma. Niliihifadhi mwezi Juni nilipokuwa naagiza vipuri vya cherehani, na silifichi hilo. Lakini kuhifadhi kadi kwenye simu yangu mwenyewe si kumruhusu mtu mwingine aitumie kulipia. Aliyeweka pesa kwenye droo ya duka lake hajampa mwizi ruhusa ya kuzichukua.

Muamala wa kwanza ulipita saa 1:41 usiku, sh. 20,000. Wa pili saa 1:44, sh. 50,000. Wa tatu saa 1:49, sh. 100,000. Wakati huo nilikuwa nahangaika mtaani kutafuta mtu wa kuniazima simu. Kijana wa duka la dawa alinisaidia, na saa 1:52 nikaipigia huduma kwa wateja ya benki yenu kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe, ambayo nilikuwa nayo kwenye pochi. Aliyepokea aliniuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu za mwisho za kadi, nikamjibu zote. Nikamwambia simu imeibwa, kadi imo ndani ya simu, afunge kadi na huduma zote za simu. Akanijibu: "Kadi imefungwa, mama, usiwe na wasiwasi." Akanipa namba ya malalamiko 250912-0638, nikaiandika nyuma ya risiti ya dawa. Mazungumzo yalikwisha saa 1:57.

Dakika moja baadaye, saa 1:58, zikakatwa sh. 100,000. Saa 2:03, sh. 150,000.

Mimi nilikwishaambiwa kadi imefungwa, kwa hiyo nikageukia laini. Nilipiga 100 kwa mtandao wangu kwa simu ya yule kijana, na laini ikafungwa saa 2:06. Mtandao wamenipa ujumbe wa kuthibitisha saa hiyo, nao nimeuambatanisha. Baada ya laini kufungwa, kadi ikaendelea kukatwa: saa 2:15 sh. 150,000, saa 2:31 sh. 200,000, saa 2:47 sh. 200,000, na saa 3:10 sh. 80,000. Akaunti ikabaki na sh. 3,150. Naamini mwizi hakuacha kwa hiari yake. Pesa ndizo zilizokwisha.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa mtu wa tatu kwenye foleni yenu. Mtumishi wenu wa dawati la huduma, ambaye nilimwona ana utu na alisikitika pamoja nami, alifungua kompyuta na kuniambia kuwa kadi bado ilikuwa hai. Aliifunga yeye, mbele yangu, saa 3:20 asubuhi. Hiyo ni zaidi ya saa 13 tangu niambiwe kwamba imefungwa.

Ndugu Meneja, hapa ndipo naomba mtulie. Barua yenu haisemi neno lolote kuhusu simu yangu ya saa 1:52. Mlinijibu kana kwamba sikupiga. Ninyi wenyewe huanza mazungumzo kwa kumwambia mteja kwamba yanarekodiwa. Sikilizeni rekodi hiyo. Ikiwa sauti ya mtumishi wenu inasema kadi imefungwa, basi sh. 880,000 zilizokatwa kuanzia saa 1:58 hazikupotea kwa uzembe wangu. Nilifanya kila ambalo mteja anatakiwa kufanya, na nililifanya ndani ya dakika 27 tangu kuibiwa, nikiwa sina simu.

Kuhusu namba ya uthibitisho. Benki yenu hunitumia namba hiyo kwa ujumbe mfupi tu, kwenye laini moja tu. Sijawahi kusajili barua pepe kwenu. Laini ikifungwa, hakuna njia ya pili. Kwa hiyo miamala ya saa 2:15, 2:31, 2:47 na 3:10, yenye jumla ya sh. 630,000, ama ilipita bila uthibitisho wowote, ama mfumo wenu una jambo ambalo mimi kama mteja nina haki ya kuelezwa. Mpwa wangu, anayefanya kazi ya mashine za malipo, amenieleza kwamba tovuti ikishaihifadhi kadi kwenye malipo ya kwanza, malipo yanayofuata yanaweza kupitishwa bila kuuliza namba tena. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi kauli yenu kwamba "malipo yalithibitishwa" si kweli kwa yote tisa. Naomba mnionyeshe, muamala kwa muamala, ni upi uliombwa namba, namba ilitumwa saa ngapi na kama ujumbe ulifika.

Kadi yangu ni ya Visa. Visa wana utaratibu wa benki kudai fedha kutoka benki ya mfanyabiashara pale mwenye kadi anaposema hakushiriki katika malipo yaliyofanyika bila kadi kuwepo. Kundi lake ni namba 10.4, na muda wake ni siku 120. Nikihesabu tangu siku ya miamala, muda huo unaisha 10 Januari 2026. Siwezi kufungua dai hilo mimi, ni ninyi pekee mnaoweza. Naomba lifunguliwe sasa, hasa kwa miamala iliyopita bila uthibitisho. Dai hilo lisiwe sababu ya kuniweka nisubiri fedha ambazo zilitoka baada ya mimi kutoa taarifa kwenu. Hizo ni jukumu la benki kwangu, nanyi mtadaiana na kampuni ya kubashiri kwa wakati wenu.

Mimi sibashiri. Nina akaunti kwenu tangu 2019, na mkifungua miaka yote hiyo, kabla ya usiku ule hamtakuta hata muamala mmoja wenye msimbo 7995, ambao ndio msimbo wa biashara za kubashiri. Mtakuta mauzo ya vitenge yakiingia, ada ya shule ikitoka, kodi ya fremu, na zile oda za vipuri. Miamala tisa ya kubashiri ndani ya dakika 89, kwa mteja ambaye hajawahi kubashiri, ilitosha kuushtua mfumo wowote unaolinda kadi. Pia akaunti ya kubashiri iliyojazwa fedha zangu lazima ina namba ya simu ya mtu, na kama alitoa ushindi, alitoa kwenda mahali fulani. Iombeni kampuni hiyo taarifa za akaunti hiyo na kuzikabidhi kwa polisi. Nimefungua jalada, RB namba 4417/2025, na namba ya utambulisho wa simu ipo humo kama ilivyo kwenye boksi.

Kuna jambo moja ambalo limeniuma kuliko hata fedha. Mwezi Oktoba nilikuwa nipeleke taarifa ya akaunti ya miezi 6 kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, niombe mkopo wa kuongeza mzigo wa sikukuu. Sasa taarifa hiyo ina mistari tisa ya kamari yenye jina langu juu yake. Mimi ni Mwislamu, ninaaminika na wanawake wenzangu sokoni, na wengine huniwekea fedha zao za upatu. Karatasi hiyo ikionekana, nani atakaa nayo asikilize maelezo yangu? Kwa hiyo, mbali na fedha, naomba barua rasmi ya benki inayosema kuwa miamala hii inapingwa na kwamba taarifa ya wizi ilitolewa usiku uleule.

Ninachotaka ni hiki: mnirudishie sh. 880,000 zilizokatwa baada ya simu yangu ya saa 1:52 mara tu mtakapoisikiliza rekodi; mfungue dai la Visa, likiwemo lile la sh. 170,000 za kabla ya hapo. Mnipe kumbukumbu za uthibitisho nilizotaja, pamoja na saa halisi ambayo kadi ilifungwa kwenye mfumo. Na mnipe hiyo barua. Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa, 3 Oktoba 2025. Jibu lisipokuja, au likija lilelile, nitalipeleka shauri hili kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania, pamoja na barua hii na ile ya kwenu.

Laini yangu niliirudisha 13 Septemba, namba ni ileile iliyo kwenye kumbukumbu zenu. Napatikana baada ya saa 4 asubuhi, na niko tayari kuja tawini siku yoyote mtakayoniita kusikiliza rekodi hiyo pamoja nanyi.

Wako mwaminifu,

Zuhura Selemani Kidawa
Akaunti inayoishia 3308

Viambatanisho: taarifa ya akaunti ya Septemba 2025; nakala ya RB; ujumbe wa mtandao wa kufungwa kwa laini; nakala ya risiti ya duka la dawa yenye namba ya malalamiko; barua yenu ya 18 Septemba 2025; nakala ya kitambulisho cha taifa.

Nakala: Kitengo cha Malalamiko ya Wateja, Makao Makuu.