Hongera, Sista Mwanaidi

Mwanangu Mwanaidi,

Hongera sana kwa kuhitimu, kwa leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kwa kupangiwa kituo. Habari imetufikia asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu, na wodi nzima ya wazazi imepiga vigelegele. Umestahili. Tangu wiki za mwanzo hukuwahi kunakili mapigo ya moyo yaliyoandikwa na zamu iliyopita. Ulishika mkono wa mama ukahesabu dakika nzima. Usiache.

Sasa unakwenda ng'ambo ya Mto Pangani, kwenye zahanati ambako usiku utakuwa peke yako na rufaa ni safari. Ukishajitambulisha kwa mganga mfawidhi, omba kuona jokofu. Oksitosini hukaa nyuzi 2 hadi 8. Mara nyingi huachwa kwenye trei ya kuzalishia tangu asubuhi ili iwe karibu, na kwa joto letu la pwani hupungua nguvu huku ampuli ikionekana safi kabisa. Utachoma yuniti 10 na damu isikatike. Itoe kwenye jokofu mama anapokaribia kusukuma, umchome msulini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ukishapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha.

Kondo la nyuma likitoka, likague lote. Kisha saa mbili za mwanzo, kila dakika 15, papasa mji wa mimba: uwe mgumu, wa mviringo, usawa wa kitovu au chini yake. Ukiukuta laini kama unga uliokandwa, sugua, na muulize mama amekojoa saa ngapi. Kibofu kilichojaa huusukuma juu na kuuzuia kukaza. Wengi hukimbilia dripu kabla ya kutoa mkojo. Na inua kanga, mwanangu. Damu hujikusanya chini ya makalio, juu kukawa kukavu.

Kwenye kifafa cha mimba, kosa ninaloliogopa ni kusukuma mshipani salfeti ya magnesiamu ya asilimia 50 bila kuizimua. Chukua mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano: hizo ni gramu 4. Sukuma polepole, dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 kila tako, ndipo umpeleke rufaa. Kalsiamu glukoneti ikae kwenye boksi moja na magnesiamu, kwa sababu pumzi zikishuka hutakuwa na muda wa kutafuta ufunguo wa stoo.

Kopi za leseni na barua ya kupangiwa beba tatu.

Simu yangu haizimwi usiku. Ukinipigia mgonjwa akiwa kitandani, anza na presha, mapigo, kiasi cha damu na dawa uliyokwisha kumpa. Shikamoo itafuata baadaye.

Msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo,
Bi. Zuhura
Wodi ya wazazi, Tanga