Pendekezo la jina la shirika letu: DADA

Lubumbashi

Mama Prezidente, na ninyi wenzangu watano,

Mlinituma nitafute jina la shirika letu la kusaidia wasichana kubaki shuleni, nami nimerudi na moja tu. Naomba Jumamosi tulipigie kura: DADA, yaani Dada Aende Darasani, Ahitimu.

Mlinipa sharti kwamba kifupisho kiwe neno linaloeleweka, lisiwe rundo la herufi ambazo hata sisi tutazisahau. Kwa Kiswahili sharti hilo ni gumu kuliko nilivyodhani. Maneno yetu huishia kwa vokali, kwa hiyo neno la mwisho katika kirefu lazima lianze kwa vokali, na majina ya namna hiyo yanayofaa kazi yetu yanahesabika: elimu, akili, umoja, imani, na mengine machache. Ndiyo maana wengi wakikwama hubandika "Afrika" mwishoni. Mwanzoni napo, ukishaandika "Shirika" au "Chama" umefungwa na S au C kabla hujasema lolote kuhusu mtoto.

Nilihangaika wiki mbili. Nilipata SOMA, Shirika la Okoa Masomo Afrika. Neno ni zuri, lakini kirefu chake kimevunjika: kwa kawaida tungesema "la kuokoa", na "okoa" hiyo imekatwa "ku" ili tupate O. Halafu tunajiita wa Afrika, na sisi tunaanza na komini tatu za hapa mjini: Katuba, Kenya na Ruashi. Nilipata NURU, Ngao ya Usomi, Riziki na Utu. Hiyo niliipenda sana, hata nililala nayo siku tatu. Lakini isome tena: msichana yuko wapi humo? Mtu anaweza kudhani tunagawa unga. AMKA, Akina Mama Kwa Akili, ilinisikitisha zaidi, kwa sababu inatuweka sisi mbele, na kana kwamba wasichana wana upungufu wa akili. Wanazo. Wanachokosa ni minervali ya shule, sare na mtu wa kusema "asitolewe".

Kilichonifungua ni kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili humtanguliza mtenda: aende, ahitimu. A imekaa mbele kwa haki yake, hakuna aliyeilazimisha. Nilipoacha kutafuta majina makubwa nikasema kama mama anayesema mlangoni asubuhi, "aende darasani", herufi zilijipanga zenyewe.

Sasa neno ambalo naomba msikubali kulitoa, hata kama mtabadilisha mengine: Ahitimu.

Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya 2006 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Watoto wengi wameingia. Lakini bure hiyo haifiki sekondari, na hapo ndipo wasichana wetu hutolewa, mmoja mmoja, bila kelele. Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alitolewa akiwa wa nne sekondari. Makuta yalitosha mtoto mmoja, na baba alisema yeye ni mkubwa, atasaidia nyumbani. Siku hiyo alifua sketi yake ya bluu, akaianika, akaipiga pasi ya makala polepole kuliko siku zote, akaikunja, akaiweka juu ya kitanda changu. Mimi ndiye niliyeivaa mwaka uliofuata. Nilipunguza kiuno kwa pini mbili. Diploma yangu ya serikali ninayo kwa sababu yeye hana. Shirika linalosema tu "aende" halimhusu yaya yangu, maana yeye alikwenda.

Na kwa nini "dada", wala si "msichana" au "binti"? Ukisema msichana, unamtazama kwa mbali. Ukisema dada, umejitaja na wewe: wewe ni ndugu yake. Kaka naye anaweza kulisema, tena ni yeye ninayetaka alisikie zaidi, kwa sababu mara nyingi makuta ya dada ndiyo humsomesha yeye. Nyumbani tungesema yaya, lakini hapa kwetu yaya anaweza kuwa wa kiume pia, na Waswahili wa mashariki wakisikia yaya wanafikiri mlezi wa watoto.

Nililijaribu jina kabla ya kuwaletea. Jumanne nilikuwa Katuba kwenye mashini ya kusaga, nikangoja mahindi yangu na akina mama wengine. Niliwauliza: mkisikia shirika linaitwa Dada, linafanya nini? Mmoja akajibu bila kugeuka, "Linasaidia batoto banamuke." Nikawasomea kirefu. Mjukuu wake, wa miaka sita au saba hivi, alikuwa ameegemea ubao ambao unga huwa unamwagikia. Akaanza kuandika kwa kidole kwenye unga ule: D, akasita, A. Akaangalia juu. Nikamwambia, "Rudia hivyo hivyo." Akarudia, akasoma kwa sauti, bibi yake akaacha gunia akaja kutazama. Herufi mbili tu, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuliandika jina la shirika lake. Hakuna jingine katika daftari langu lililoweza hilo.

Yapo mapingamizi mawili, nayasema mwenyewe. Kwa Kifaransa cha watoto, dada ni farasi, na mfadhili anayesoma Kifaransa anaweza kutabasamu. Na Tanzania, "dada" huitwa pia msichana wa kazi za nyumbani. La kwanza linatibiwa kwa kutoliandika jina peke yake kamwe: kwenye barua, kwenye muhuri, kwenye ubao, sentensi nzima ikae chini yake. La pili halinitishi. Huyo anayeosha vyombo vya watu akiwa na miaka kumi na minne ndiye tunayemtafuta.

Kuna aliyeniuliza kama jina la Kiswahili litakubaliwa. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 1, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Kifaransa tutakitumia kwa maelezo. Tusijaribu kutafsiri herufi, hazitalingana. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inataka jina la shirika lisilo la faida liandamane na A.S.B.L., kwa hiyo napendekeza statuti zetu zisome hivi:

"Ibara ya 1. Kumeanzishwa Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga, shirika lisilo la faida liitwalo Dada Aende Darasani, Ahitimu, kwa kifupi DADA, A.S.B.L. Kifupisho huandikwa kwa herufi kubwa bila nukta na husomwa kama neno.

Ibara ya 2. Shirika linasaidia wasichana kubaki shuleni kuanzia mwaka wa kwanza wa sekondari hadi kupata diploma ya serikali: kwa kulipia minervali, sare na vitabu, na kwa kuzungumza na wazazi pale msichana anapokaribia kutolewa masomoni."

Sehemu ile ya kuzungumza na wazazi, tafadhali isifutwe kwa sababu haina bei. Mtu mmoja angekaa na baba jioni moja tu.

Kabla ya Jumamosi, kila mmoja aulize watu wawili nje ya kamati, mmoja wao awe msichana anayesoma, na alete walichosema, hata kama hawakulipenda. Mchoraji wa ubao pale Kenya ameniuliza aanze lini. Nimemwambia apake nyeupe kwanza, herufi zitakuja baada ya kura. Yaya yangu nimemwomba awepo. Amesema atafika mapema, na kwamba ataandika jina lake mwenyewe kwenye orodha ya waliohudhuria.

Mwandishi wa kamati