Taarifa ya Ucheleweshaji wa Kazi na Hatua za Kufidia Muda Uliopotea

Ofisi ya Meneja wa Mradi,
Wilaya ya Kasulu,
Mkoa wa Kigoma.

2 Septemba 2025

Kumb. Na. MWZ/KSL/2025/17

Mkurugenzi,
Kampuni ya Mkandarasi,
Kigoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: TAARIFA YA UCHELEWESHAJI WA UJENZI WA WODI YA WAZAZI, KITUO CHA AFYA CHA KATA

Tafadhali rejea mkataba uliosainiwa tarehe 10 Februari 2025 kwa thamani ya shilingi 486,000,000, pamoja na barua yako ya tarehe 20 Agosti 2025 inayohusu ugumu wa kupata saruji. Barua hii ni taarifa rasmi kwamba kazi imechelewa kwa kiasi kinachohatarisha tarehe ya kukamilisha, na kwamba Mwajiri anakutaka uwasilishe na kuanza kutekeleza hatua za kufidia muda uliopotea.

Eneo la kazi ulikabidhiwa tarehe 24 Februari 2025 kwa muda wa siku 240, hivyo jengo lilipaswa kukabidhiwa tarehe 22 Oktoba 2025. Kwa kuwa Mwajiri alibadilisha mahali pa shimo la maji taka baada ya kazi kuanza, uliongezewa siku 12, na tarehe ya kukamilisha ikawa 3 Novemba 2025. Hakuna ombi jingine la nyongeza ya muda lililowasilishwa kwangu hadi leo.

Katika upimaji tulioufanya pamoja na msimamizi wako jana, tarehe 1 Septemba, kazi iliyokamilika ilikuwa asilimia 46, wakati ratiba yako mwenyewe iliyoidhinishwa inaonyesha asilimia 73 kwa tarehe hiyo. Kuta za upande wa mashariki zimefika kwenye linta, za upande wa magharibi bado ziko kimo cha madirisha, na ringi bimu, ambayo ilipaswa kumwagwa zege katikati ya Julai, haijaanza kufungwa nondo. Ikiwa kasi itabaki hii iliyokuwepo tangu Februari, jengo litakamilika wiki ya pili ya Aprili 2026.

Nimesoma maelezo yako kuhusu saruji kuchelewa njiani kwa reli kutoka Dar es Salaam, na nisingependa kuyapuuza, kwa maana kila anayejenga Kigoma anaujua umbali huo. Hata hivyo, hati ya ununuzi uliyoambatisha inaonyesha kwamba saruji iliagizwa tarehe 5 Agosti, wakati ambapo ringi bimu ilikuwa imekwisha kuchelewa kwa wiki tatu. Daftari la eneo la kazi linaonyesha pia kwamba kati ya tarehe 9 na 24 Julai hapakuwa na fundi hata mmoja aliyefika, na mafundi waliporejea walieleza kwamba hawakuwa wamelipwa ujira wa mwezi Juni. Chanzo cha ucheleweshaji, kwa maoni yangu, ni upungufu wa mafundi na maagizo ya vifaa yanayofanywa baada ya vifaa kuhitajika, na mambo yote mawili yamo ndani ya uwezo wako.

Kwa upande wa Mwajiri, nakiri kwamba hati ya malipo ya pili ililipwa siku 9 baada ya muda wake, na riba ya siku hizo itaongezwa kwenye hati ya tatu. Hati hiyo ya tatu, uliyoiwasilisha tarehe 11 Agosti, nimemaliza kuihakiki na itakuwa imelipwa ifikapo tarehe 8 Septemba. Siku hizo 9 hazielezi upungufu wa asilimia 27.

Jambo linalonisumbua zaidi ni paa. Mvua za Kasulu huanza Oktoba, na jengo lisiloezekwa wakati huo halichelewi tu: plasta haiwezi kupigwa, kifusi chini ya sakafu hulowa na kutitia, na tofali zilizokwisha kujengwa hunyonya maji kwa miezi. Akina mama wa kata hii wanajifungulia katika chumba kilichotengwa ndani ya jengo la wagonjwa wa nje, kikiwa na vitanda viwili, na msimu mwingine wa mvua katika hali hiyo ndio hasa mradi huu ulikusudiwa kuuzuia. Kwa hiyo hatua ninazozitaka zimepangwa kuanzia kwenye paa.

Unatakiwa kuongeza mafundi na vibarua kutoka 14 waliopo hadi wasiopungua 35 ifikapo Jumatatu tarehe 8 Septemba, wakigawanywa katika makundi mawili ili pande zote mbili za jengo ziende pamoja, na kuleta mashine ya pili ya kuchanganyia zege. Zege ya ringi bimu imwagwe ifikapo tarehe 13 Septemba. Kenchi zisisubiri ringi bimu: mafundi seremala waanze kuziunga chini wiki hii kwa mbao zilizotiwa dawa, ambazo tayari ziko kwenye eneo la kazi, ili zianze kupandishwa tarehe 22 Septemba. Bati zote ziwe zimefika ifikapo tarehe 20 Septemba, nawe uniletee uthibitisho wa kuagizwa kwake ndani ya siku 3, na uezekaji ukamilike tarehe 11 Oktoba. Saruji inayohitajika kabla ya shehena ya reli kufika inunuliwe madukani Kasulu au Kigoma mjini, hata kama bei yake ni kubwa, kwa gharama yako.

Haraka hii isiguse ubora. Zege itamwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7, sampuli zitapimwa siku ya 7 na ya 28 kama mkataba unavyotaka, na mbao zinazoshikilia zege hazitaondolewa bila kibali changu cha maandishi. Kazi ya ziada ya jioni na Jumamosi naikubali, mradi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ifuatwe: saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mafundi wanaodai walipwe kwanza, la sivyo hao 35 hawatapatikana.

Ratiba mpya inayoonyesha kazi, mafundi na vifaa kwa kila wiki inifikie kabla ya saa 9:30 alasiri ya tarehe 9 Septemba, na wewe mwenyewe uhudhurie kikao kwenye eneo la kazi tarehe 11 Septemba saa 4:00 asubuhi. Baada ya hapo nitahitaji taarifa ya maendeleo kila Jumatatu. Ikiwa hesabu zako za kweli zinaonyesha kwamba tarehe 3 Novemba haifikiki hata kwa hatua hizi, andika tarehe inayofikika pamoja na sababu zake, kwa kuwa ratiba ya kupendeza macho haitanisaidia kuamua lolote. Kuandika tarehe hiyo hakutahesabiwa kuwa nyongeza ya muda.

Nakukumbusha kwamba fidia ya ucheleweshaji ni asilimia 0.1 ya thamani ya mkataba, yaani shilingi 486,000 kwa kila siku baada ya tarehe 3 Novemba, hadi kikomo cha asilimia 10, ambacho ni shilingi 48,600,000. Kikomo hicho kitafikiwa kwa siku 100, tarehe 11 Februari 2026, na kukifikia ni uvunjaji wa msingi wa mkataba unaompa Mwajiri haki ya kuusitisha na kudai dhamana ya utendaji. Vivyo hivyo, kusimamisha kazi kwa siku 28 bila idhini kunatoa haki hiyo hiyo. Barua hii haiondoi haki yoyote ya Mwajiri chini ya mkataba.

Tafadhali thibitisha kwa maandishi kwamba umeipokea barua hii.

Wako katika utekelezaji wa kazi,

Meneja wa Mradi,
kwa niaba ya Mwajiri.

Nakala:
Mwajiri
Mganga Mfawidhi, Kituo cha Afya
Msimamizi wa Mkandarasi, eneo la kazi