Usafi wa kuhama, nyumba ya Kimara (mama mwenye nyumba anakuja jumamosi saa 4 asubuhi)

Vitu vyote viwe vimetoka ijumaa mchana, usafi hauendi mtu anaruka magodoro. Tunaanza juu tunashuka, sakafu mwisho. Dipoziti yetu ni laki tatu na nusu na mkataba unasema nyumba irudi kama tulivyoikuta, so kila mtu akimaliza cha kwake aweke tiki.

VYUMBA NA SEBULE (mimi na shemeji)
[ ] Buibui pembe zote za dari
[ ] Feni: ingiza panga ndani ya foronya ya zamani uvute, vumbi lote linabaki humo
[ ] Nyavu na reli za madirisha, mswaki mkavu kwanza ndio maji, ukianza na maji unatengeneza matope
[ ] Michoro ya mtoto ukutani: sponji na sabuni kidogo, taratibu, na jaribu kwanza nyuma ya mlango maana ile rangi ya maji ukisugua sana inatoka unabaki na doa kubwa kuliko mchoro wenyewe
[ ] Misumari ya tv na saa itoke, matundu yazibwe kwa simenti nyeupe, ikikauka piga msasa
[ ] Ufa wa juu ya mlango wa sebule MSIUGUSE, tuliukuta, picha za siku tunahamia ninazo

JIKO (baba watoto)
[ ] Mafuta kwenye tailizi nyuma ya jiko la gesi: bandika kitambaa kilicholowa maji ya moto na sabuni, dakika 15, ndio ufute
[ ] Kabati zote ndani, hadi kwenye bawaba, mende wanajificha pale
[ ] Sinki: weka ndoo chini, fungua ule mkunjo wa bomba utoe uchafu, ukirudisha hakikisha haivuji

CHOO NA BAFU (mimi, naomba asiingie mtu mwingine)
[ ] Ijumaa: madoa meupe ya maji ya kisima kwenye bomba na kioo, siki nusu saa kisha nasuuza sana
[ ] Jumamosi asubuhi: jiki kwenye choo na ukungu wa ukutani, mlango na dirisha wazi
Jamani siki au ile dawa ya asidi ya choo isikutane kabisa na jiki, inatoa hewa ya klorini inaunguza mapafu, na bafu letu ni dogo, ndio maana nimegawa siku mbili.

NJE
[ ] Fagia uwanja, mfereji uzibuliwe, taka ziondoke zote

KABLA HAJAFIKA
[ ] Bili ya maji ilipwe, risiti ibaki kwetu
[ ] Picha ya mita ya maji na ya luku, namba zisomeke
[ ] Funguo 5, pamoja na ya geti dogo
[ ] Video chumba kwa chumba, taa zikiwaka, bomba zikifunguliwa

Funguo hazitoki mkononi mpaka tumezunguka naye nyumba nzima na ameandika tarehe ya kurudisha hela na kusaini.