Kisamvu cha korosho, mboga ya kwetu Mtwara 😋

Leo samaki hamna na wala sijali, kisamvu kikikutana na korosho jirani lazima aje kuazima chumvi 😂

Kisamvu kilichotwangwa mafungu mawili, chemsha saa nzima bila haraka, kikiwa kibichi sio cha kuchezea. Maji yakikaribia kukauka tia kitunguu, nyanya 2 na chumvi. Korosho zilizobanguliwa kikombe 1 (chukua zile vipande vipande, bei nafuu na huku si unasaga tu) saga laini, changanya na tui zito la nazi 1 mimina, moto mdogo, koroga koroga maana korosho zinashika chini fasta, dakika 15 tu epua.

Ugali wa muhogo pembeni, nawa mikono ukae chini 🔥