Mabadilishano Yasiyo Sawa: Kahawa ya Kenya katika Mfumo wa Dunia

Kahawa ya Kenya hupigwa mnada jijini Nairobi, katika Jumba la Wakulima kando ya Barabara ya Haile Selassie. Magunia hupangwa kwa gredi, AA, AB, PB, C na kuendelea, na bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50. Wanunuzi hushindana waziwazi. Mkulima wa Nyeri anapolalamika kwamba jasho lake linaliwa, lawama huelekezwa kwa madalali, viongozi wa chama cha ushirika na makato ya kinu cha kukoboa. Lawama hizo zina msingi. Hata hivyo, insha hii inadai jambo zito zaidi: hata makato yote yangekuwa ya haki na mnada ukawa safi kabisa, sehemu ya kazi ya mkulima na mchumaji ingeendelea kuvuka bahari bila malipo. Wizi si sharti la mabadilishano yasiyo sawa. Hutokea bei ikiwa halali.

Nadharia ya mfumo-dunia, iliyojengwa na mwanasosholojia Immanuel Wallerstein kuanzia mwaka 1974, inakataa kuichukua nchi moja kama kipimo cha uchambuzi. Kwa mtazamo wake, tangu karne ya 16 pameibuka mgawanyo mmoja wa kazi unaovuka mipaka ya dola nyingi. Ndani yake kuna kitovu, pembezoni, na kati yao nusu-pembezoni. Kosa la kawaida ni kuyasoma maneno haya kama majina ya nchi, kana kwamba Ujerumani ni kitovu kwa asili na Kenya ni pembezoni kwa asili. Wallerstein alikuwa akizungumzia michakato ya uzalishaji. Mchakato wa kitovu ni ule unaomilikiwa na wachache na kulindwa na hataza, chapa, mtaji mkubwa au nguvu za dola. Mchakato wa pembezoni ni ule ambao wengi wanaweza kuufanya, hivyo ushindani huibana bei yake. Nchi huitwa ya kitovu kwa sababu michakato ya aina ya kwanza imejaa ndani yake.

Wallerstein anatuonyesha mahali pa kutazama, ila hatuelezi hesabu yenyewe inavyokwenda. Hesabu hiyo aliiweka wazi mchumi Arghiri Emmanuel mwaka 1969. Msingi wake ni mambo mawili: mtaji huvuka mipaka kwa urahisi, mfanyakazi havuki. Kwa kuwa mtaji hukimbilia penye faida kubwa, viwango vya faida huelekea kulingana duniani. Ujira haulingani, maana mchumaji wa Kiambu hawezi kuamka kesho akaenda kuuza nguvu zake Hamburg.

Tuchukue tarakimu za kufikirika. Nchi ya kitovu na nchi ya pembezoni kila moja inazalisha bidhaa yake kwa vifaa vya thamani ya 180 na kazi hai ya saa 120. Kila saa ikihesabiwa kuwa thamani ya 1, thamani ya kila bidhaa ni 300. Katika kitovu, ujira unachukua 100 kati ya zile 120, na ziada, yaani kinachobaki kwa mwenye mtaji, ni 20. Katika pembezoni ujira ni 20 na ziada ni 100. Mtaji uliotangulizwa ni 280 upande mmoja na 200 upande wa pili, jumla 480. Ziada yote ni 120, kwa hiyo kiwango cha wastani cha faida ni asilimia 25. Bei hupatikana kwa kuongeza asilimia hiyo juu ya mtaji wa kila upande:

```
kitovu:    (180 + 100) x 1.25 = 350
pembezoni: (180 + 20)  x 1.25 = 250
```

Saa za kazi ni zilezile, vifaa ni vilevile, lakini bidhaa moja inauzwa 350 na nyingine 250. Thamani ya 50 imehama kutoka pembezoni bila mtu kumdanganya mwenzake. Sasa tuongeze ujira wa pembezoni kutoka 20 hadi 40. Ziada ya jumla inashuka hadi 100, mtaji unapanda hadi 500, faida inakuwa asilimia 20, na bei zinakuwa 336 na 264. Uhamisho umepungua kutoka 50 hadi 36. Hapo ndipo Emmanuel anapotofautiana na wachumi Raúl Prebisch na Hans Singer, ambao mwaka 1950 walionyesha kwamba bei za mazao ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Kwa Emmanuel, aina ya bidhaa si hoja. Ujira mdogo ndio unaoshusha bei, wala si bei duni inayoshusha ujira.

Swali linalofuata, na kwa Kenya ndilo lenye uzito kuliko yote, ni hili: nani aliufanya ujira uwe mdogo? Soko halikufanya hivyo peke yake. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na gharama zake zilihitaji mizigo ya kusafirisha. Ardhi ilitwaliwa kwa ajili ya walowezi, kodi ya kibanda ikatozwa kwa fedha ambazo Mwafrika angezipata kwa kuajiriwa tu, na kuanzia miaka ya 1919 na 1920 mwanamume alilazimika kutembea na kipande kilichoonyesha mwajiri wake. Mwafrika alizuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930, na hata hapo aliruhusiwa kwa uchache, Kisii na Meru. Kila moja ya hatua hizi ilikuwa na kazi ileile: kumfanya mtu ahitaji ujira, bila kumpa nguvu ya kuupandisha.

Walowezi waliweza kulipa chini ya gharama ya kuitunza familia kwa sababu mke na watoto walibaki kwenye hifadhi zilizotengewa Waafrika wakilima chakula. Wallerstein aliiona kaya ya namna hii, inayoishi nusu kwa ujira na nusu kwa shamba, kuwa nguzo ya pembezoni. Bado ipo. Lile gunia la mahindi linalofungwa juu ya basi kutoka ushago na kushushwa stendi ya Nairobi ni sehemu ya gharama ya kazi ambayo mwajiri hailipi. Mama aliyelima mahindi hayo haonekani popote katika bei ya shati, ua au kilo ya kahawa inayosafirishwa nje.

Turudi kwenye kahawa yenyewe. Mchumaji hulipwa kwa debe. Kilo 6 hadi 7 za buni mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi baada ya kumenywa, kuchachushwa, kuoshwa, kuanikwa na kukobolewa. Kilo hiyo ikikaangwa hupoteza kama sehemu moja ya sita ya uzito, zikabaki gramu 840 hivi. Kwa gramu 8 kila kikombe, ni vikombe 105. Anayejua bei ya kikombe kimoja katika mgahawa wa Ulaya na bei ya kilo pale mnadani atafanya mgawanyo mwenyewe. Si kweli kwamba tofauti yote ni unyonyaji wa mkulima: ndani yake mna kodi ya pango, maziwa na mshahara wa mhudumu. Lakini mshahara huo wa mhudumu ndio hoja ya Emmanuel. Saa yake moja inanunua saa nyingi za mchumaji, ingawa kubonyeza mashine hakuhitaji ujuzi zaidi kuliko kuchagua buni iliyoiva na kuiacha ile mbichi mtini.

Bei ya kuanzia nayo huamuliwa mbali. Arabika hupimwa kwa kutazama soko la mikataba ya baadaye la New York, kisha ubora wa Kenya huongezewa nyongeza yake. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 ulijaribu kuishikilia bei kwa kugawa viwango vya mauzo kati ya nchi. Viwango hivyo vilivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka, na wazalishaji waliotawanyika wakabaki wakikabili makampuni machache ya kukaanga.

Dawa inayotajwa sana ni kuongeza thamani hapa nchini. Nadharia hii inatupa sababu ya kuwa waangalifu. Pamba na vitambaa vilikuwa shughuli ya kitovu katika karne ya 19, Lancashire ya Uingereza ikiwa kileleni. Leo ushonaji wa nguo umesambaa, na kwa hiyo umeshuka. Viwanda vya Athi River vinavyoshona kwa ajili ya soko la Marekani chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyozifungulia bidhaa za Afrika soko hilo bila ushuru, hufanya kazi ya kiwandani kwa kila kipimo, lakini chapa, ubunifu na rafu za maduka viko kwingine. Maua ya Naivasha ni mfano mkali zaidi. Yanahitaji vitalu vya plastiki, umwagiliaji wa matone, vyumba vya baridi na usafiri wa ndege, na miche ya waridi hulipiwa mrabaha kwa wamiliki wa aina hizo. Teknolojia inakaribiana na ya Uholanzi, ujira haukaribiani.

Maua hayo yanajibu pia pingamizi kubwa dhidi ya Emmanuel, lililotolewa na mchumi Charles Bettelheim miongoni mwa wengine: kwamba ujira wa kitovu ni mkubwa kwa sababu mfanyakazi wake huzalisha zaidi. Mchumi Samir Amin aliliboresha dai la Emmanuel: mabadilishano si sawa pale tofauti ya ujira inapozidi tofauti ya tija. Penye tija inayofanana, kama kwenye kitalu cha waridi, kipimo cha Amin kinatimia. Penye tofauti kubwa ya mashine, Bettelheim ana haki yake, na si halali kuhesabu pengo lote la ujira kama uhamisho.

Pingamizi la mwanahistoria Robert Brenner la mwaka 1977 ni gumu zaidi kulijibu. Kwake, Wallerstein anaanza na biashara na kusahau tabaka. Kwa Kenya anagusa penyewe. Baada ya mwaka 1963 mashamba makubwa hayakutoweka. Mengi yalibadilisha wenyewe, na wenyewe wapya walikuwa na sababu zao za kutaka ujira ubaki chini. Ukisema tu kwamba kitovu kinanyonya pembezoni, mwajiri wa Nairobi na kibarua wake wanaonekana wako kundi moja.

Nairobi yenyewe ina sura mbili. Mbele ya London na Rotterdam ni pembezoni. Mbele ya majirani imekuwa ikiuza bidhaa za viwandani na kununua mazao. Uganda na Tanganyika zililalamikia jambo hilo mapema kiasi kwamba Makubaliano ya Kampala ya mwaka 1964 yalijaribu kugawa viwanda upya kati ya nchi hizo tatu. Mgogoro huo wa mgao ulikuwa miongoni mwa sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Waliokaa mezani Kampala walikuwa wakibishana, kwa lugha ya mipango ya viwanda, juu ya swali lilelile ambalo mchumaji wa Kiambu angeliuliza akiwa na debe lake: saa yangu inabadilishwa na saa ngapi za mwingine, na nani aliyeamua.